Tangazo moja, saa mbili

Mitaa mingi ya mijini humu nchini siku hizi ina kundi lake la WhatsApp, na katika makundi hayo tangazo la mkutano wa wakazi mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, sehemu moja juu na nyingine chini yake. Desturi hii ni njema nami siipingi hata kidogo. Mlinzi wa lango, mama mboga, mwalimu mstaafu na karani wa benki hawasomi lugha moja kwa wepesi ule ule, na wote wana haki ya kuitwa. Ninalolitilia shaka ni ile dhana kwamba tangazo la lugha mbili ni tangazo moja lililorudiwa. Kwa hakika ni matangazo mawili, na kila moja lina wasomaji wake. Aliyekwisha kuielewa sehemu ya juu hana haja ya kuteremka hadi ya chini, na asiyeimudu ya juu huirukia ya chini moja kwa moja. Ni nadra mtu kuzilinganisha. Kwa hiyo kosa likiingia katika sehemu moja hukaa humo kimya hadi siku ya mkutano.

Hebu tuchambue mfano mmoja wa kweli. Mnamo Februari 2025, kamati ya mtaa ninaoishi, mashariki mwa jiji la Nairobi, ilituma tangazo la namna hii. Nililihifadhi kwa sababu nafundisha Kiswahili, na mwalimu wa lugha hatupi maandishi ya aina hiyo. Sehemu ya Kiswahili ilisema hivi:

"TANGAZO. Wakazi wote mnaalikwa kwa mkutano Jumapili hii saa 2.00 mchana katika ukumbi. Ajenda: 1. Mchango mpya wa ulinzi Sh800. 2. Suala la vibanda. 3. Mengineyo. Nyote mnakaribishwa. Kamati."

Ukilisoma peke yake hutaona kasoro kubwa. Sarufi yake ni safi, nalo limetaja wakati, mahali na ajenda kama tunavyowafunza wanafunzi wetu. Lakini sehemu ya Kiingereza iliyokuwa juu yake ilisema mambo mengine. Iliwaalika wamiliki wa nyumba. Ilitaja saa kwa tarakimu 2.00, na baada ya tarakimu hizo zikaja herufi mbili za kuonyesha kwamba adhuhuri imepita. Ajenda ya kwanza ilikuwa kuzingatia pendekezo la kuongeza mchango wa ulinzi kutoka Sh500 hadi Sh800 kwa mwezi. Ya pili ilikuwa kupitisha azimio la kuviondoa vibanda vilivyo nje ya ukuta wa mtaa. Sasa msomaji atakubaliana nami kwamba hayo yalikuwa matangazo mawili.

Tuanze na saa, kwa kuwa ndiyo iliyoleta hasara ya kwanza.

Aliyetafsiri aliziacha tarakimu jinsi alivyozikuta, akabadilisha zile herufi mbili tu, akaandika "mchana" mahali pake. Hakujua, au alisahau kwa haraka, kwamba saa ni sehemu ya lugha na hutafsiriwa kama neno lingine lolote. Kiingereza huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane na tena adhuhuri. Sisi huhesabu kuanzia jua linapochomoza, kisha tunaanza upya linapotua. Hesabu yetu haikuzuka kwa bahati. Hapa karibu na Ikweta wakati wa jua kuchomoza hausogei sana. Jijini Nairobi tofauti yake kwa mwaka mzima ni kiasi cha nusu saa. Mtu anaweza kuitegemea asubuhi kuwa mwanzo wa hesabu mwaka baada ya mwaka. Jijini London jua la Juni huchomoza zaidi ya saa tatu mapema kuliko lile la Desemba, na mtu wa huko angehesabu saa kuanzia mapambazuko angekosa miadi yake yote.

Tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni saa sita kamili. Mwalimu anayetaka kuifafanua darasani na atumie uso wa saa ya ukutani: saa ya Kiswahili ni ile tarakimu inayokabiliana na mshale mfupi, upande wa pili. Mshale ukiwa kwenye 2, iliyo mkabala nayo ni 8, yaani saa nane. Ukiwa kwenye 10, iliyo mkabala ni 4, yaani saa nne. Mkutano wa kamati yetu, basi, ulikuwa wa saa nane mchana.

Lakini mbona neno "mchana" halikuwaokoa wasomaji? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Neno hilo lina maana mbili. Kwa maana finyu ni ule wakati wa jua la utosi, tuseme kuanzia saa sita hadi saa tisa, na kwa maana hii saa mbili mchana haipo. Kwa maana pana, mchana ni kinyume cha usiku, yaani kipindi chote chenye mwanga, na kwa maana hii saa mbili ya mchana ni ile ya baada ya kifungua kinywa. Msomaji wa tangazo letu alikuwa na njia mbili. Aliyezoea saa za ofisini alitambua kwamba 2.00 ni ya Kiingereza akaenda saa nane. Aliyesoma Kiswahili kama Kiswahili aliona saa mbili, akaona mchana, akaelewa kwamba ni saa mbili asubuhi na si saa mbili usiku. Huyu wa pili hakukosea. Ndiye aliyesoma kilichoandikwa.

Siku ile ya Jumapili, tarehe 23 Februari, watu wapatao kumi na watano walifika ukumbini saa mbili asubuhi. Walikuwa walinzi wa usiku waliomaliza zamu yao saa kumi na mbili, wazee wachache, na kina mama wanne kati ya wale wenye vibanda. Ukumbi ulikuwa umefungwa. Mmoja wao aliuliza kundini kama mkutano ungalipo, lakini wengi tulikuwa kanisani au bado tumelala, na swali lake likafunikwa na picha za salamu za Jumapili. Wakangoja hadi saa tatu, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi mchana, kwani walidhani mkutano umevunjika. Saa nane tulikutana kama watu arobaini, nami nikiwamo. Mchango wa Sh800 ukapitishwa. Ikaamuliwa pia kwamba vibanda viondolewe katika muda wa siku 14.

"Mwalimu," mama mmoja auzaye githeri na mboga aliniambia Jumatatu jioni, "tangazo lilisema saa mbili, nami nilikuwa pale saa mbili. Sasa nimeletewa karatasi ati nilialikwa nikakataa kuja."

Ninawasihi walimu walitazame kosa hili kwa makini, kwa maana lina aina mbili na si zote zinazojifichua. Mara nyingine tarakimu na neno la wakati hukataana waziwazi. Hakuna atakayeamini "saa tisa asubuhi" wala "saa nane asubuhi". Msomaji atashtuka na kuuliza. Hatari iko pale ambapo viwili hivyo vinaweza kukaa pamoja. Mkutano wa saa kumi alasiri ukiandikwa kwa tarakimu za Kiingereza huwa "saa 4.00 mchana", na wako Wakenya wengi ambao kwao saa nne ni mchana tayari. Mkesha wa kuanza saa nne usiku huwa "saa 10.00 usiku", na saa kumi usiku ipo, ni ile ya kabla ya alfajiri. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuandika saa kwa maneno katika sehemu ya Kiswahili, "saa nane mchana", na kutoziacha tarakimu peke yake. Dawa ya pili ni kuongeza alama moja ya maisha ya kila siku ambayo haiwezi kugeuzwa: baada ya ibada za asubuhi, kabla ya magharibi, watoto wakishatoka shuleni.

Siku nayo ina mtego wake, ingawa mfupi. "Jumapili hii" ina maana ile tu kwa aliyeupata ujumbe siku ulipotumwa. Ujumbe wa simu husambazwa, na mtu akiupokea Jumatatu kutoka kwa jirani yake, Jumapili hii kwake ni nyingine kabisa. Vivyo hivyo "kesho". Tarehe kamili ndiyo pekee isiyochakaa njiani. Aidha, mikutano ya usiku yahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kwa Waislamu, na kwa Waswahili wa pwani kwa jumla, usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata jua la Alhamisi kutua. Mzaliwa wa bara akisoma maneno hayo hayo atatokea siku moja baadaye. Magazeti yetu yamekwisha kuitatua shida hii kwa kusema usiku wa kuamkia Ijumaa.

Kuhusu mahali sina mengi. Ukumbi ni mmoja mtaani, kila mtu anaujua.

Lakini ni nani hasa aliyeitwa? Kiingereza kiliwaita wamiliki wa nyumba, Kiswahili kikawaita wakazi wote. Mtaani kwetu mwenye nyumba aghalabu haishi humo. Nyumba ameipangisha, naye yuko Kitengela au Ruiru. Mpangaji ndiye mkazi. Na mwenye kibanda nje ya ukuta si mmiliki wala, kwa maana kali, si mkazi. Ilipofika wakati wa kupiga kura siku ile, mwenyekiti aliwatazama wapangaji waliokuja kwa mwaliko wa Kiswahili, akawaambia wanakaribishwa kusikiliza lakini kura ni ya wamiliki. Walinung'unika. Baadhi yao ndio wanaolipa ule mchango kila mwezi, kwa maana mwenye nyumba huuongeza katika kodi. Sisemi kwamba mpangaji lazima apige kura. Hilo ni la katiba ya kila kikundi. Nasema kwamba tangazo haliwezi kumpa haki katika lugha moja na kumnyang'anya katika nyingine.

Sasa tuje kwenye ajenda. Hapa kasoro haikuwa ya haraka peke yake.

Ajenda ya mkutano huundwa na vitenzi. Kuarifu, kujadili, kuzingatia, kupendekeza, kupitisha, kuidhinisha: kila kimoja chamwambia msomaji atapata nini akienda na atapoteza nini akibaki nyumbani. Akiambiwa ataarifiwa, anaweza kubaki, jirani atamsimulia. Akiambiwa jambo litapitishwa, mwenye busara huvaa viatu. Tazama basi jinsi tangazo letu lilivyofanya. Ajenda ya kwanza kwa Kiingereza ilikuwa kuzingatia pendekezo, yaani jambo lingali wazi. Kwa Kiswahili kitenzi kikatupwa, na kiwango cha zamani kikatupwa pia, likabaki "Mchango mpya wa ulinzi Sh800". Msomaji wa Kiswahili alielewa kwamba jambo limekwisha, anaitwa kupewa habari tu. Kuna wapangaji walioniambia hawakwenda kwa sababu hiyo hasa: kulikuwa na nini tena cha kusema?

Ajenda ya pili iligeuzwa kinyume chake. Kwa Kiingereza kulikuwa na azimio la kuviondoa vibanda. Kwa Kiswahili kulikuwa na suala. Neno "suala" ni pana kama blanketi, lafunika kila kitu. Wale kina mama walidhani ni habari ya takataka, kwani wiki mbili kabla kamati ilikuwa imelalamika kuhusu maganda ya ndizi na mifuko kandokando ya ukuta. Walijitayarisha kuahidi kufagia. Ni wanne tu kati ya wenye vibanda wanane waliojisumbua kufika, na hata hao hawakujua kwamba riziki yao ndiyo iliyokuwa mezani. Lau ajenda ingesema "kuondolewa kwa vibanda", nina hakika wote wanane wangefika, na wangekaa pale ukumbini tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane bila kubanduka.

Je, lilifanywa kwa makusudi? Katibu ni kijana mwadilifu, naye alinieleza kwamba aliogopa neno "kuondoa" lingeleta ghasia kundini. Namwamini. Lakini ulaini wake ulikuwa kwa lugha moja tu, ile inayosomwa na wale ambao habari yenyewe ilikuwa chungu kwao. Wanaotafsiri matangazo wana tabia hii zaidi ya tunavyokiri. Kiingereza hubeba uamuzi, Kiswahili hubeba adabu.

Ajenda ya tatu, "Mengineyo", ilitafsiriwa sawasawa, nayo ilikuwa na balaa yake. Ule muda wa siku 14 uliingizwa hapo, dakika kumi kabla ya kufunga, baada ya watu kadhaa kuondoka. Katika mikutano yenye nidhamu, mengineyo ni mahali pa kutaja mambo madogo au yale yatakayoandaliwa kwa mkutano ujao. Kuamua jambo zito hapo ni kuwaamulia walioangalia ajenda wakaona haliwahusu. Kanuni ya kale ya mikutano ni kwamba mwaliko ueleze shughuli kwa kiasi cha kumwezesha asiyekuwapo kujua kama angefaa kuwapo. Kwa kipimo hicho, kina mama wale hawakuwa wamealikwa kabisa.

Malalamiko yalipofikishwa kwa kamati, mwenyekiti alijibu kwamba sehemu ya Kiingereza ilikuwa wazi, nayo ndiyo iliyo rasmi. Jibu hili husikika sana, basi tulipime. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Hapo hakuna kaka wala mdogo. Ni kweli kwamba kifungu cha 259 kinasema matoleo ya lugha mbalimbali ya Katiba yenyewe yakigongana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Kifungu cha 120 nacho kinasema matoleo ya Sheria ya Bunge yakigongana, litafuatwa lile lililotiwa sahihi na Rais. Lakini kanuni hizo zimeandikwa kwa ajili ya maandishi hayo, na zimeandikwa waziwazi ili kila mtu azijue mapema. Kamati yetu haikuwa na kanuni yoyote ya aina hiyo, na tangazo halikutaja kwamba sehemu ya chini ni ya kusaidia tu. Aliyeisoma hakuonywa kwamba anasoma kitu kisicho na nguvu.

Nilimwambia mwenyekiti, kwa heshima zote kwa kuwa ni mzee wangu, kwamba kama lazima pawe na kanuni, basi tangazo likigongana na nduguye lisomwe kwa namna inayomfaa yule anayeombwa pesa au anayehamishwa. Alicheka. Hata hivyo alikubali kuuitisha mkutano upya, na azimio la vibanda likasimamishwa. Katibu aliniomba nitazame sehemu ya Kiswahili kabla haijatumwa. Nikamwomba jambo moja: tusitafsiri. Tukae sote wawili, tukubaliane kwanza kuhusu mambo yenyewe, kisha yeye aandike chake kwa Kiingereza nami changu kwa Kiswahili, halafu kila mmoja amsomee mwenzake kwa lugha ile nyingine. Ilituchukua saa moja na chai mbili. Tangazo lilitoka hivi:

"MKUTANO WA MTAA. Wanaoalikwa: wenye nyumba, wapangaji, na wenye vibanda walio nje ya lango la pili. Watakaopiga kura: mtu mmoja kwa kila nyumba, awe mwenye nyumba au mpangaji.

Siku: Jumapili, tarehe 16 Machi 2025. Wakati: saa nane mchana (14:00), baada ya ibada za asubuhi. Tutafunga kabla ya saa kumi na moja jioni kwa ajili ya wanaofunga Ramadhani. Mahali: ukumbi wa mtaa, ndani ya lango la pili.

Ajenda. 1: Kuthibitisha kumbukumbu za mkutano wa tarehe 23 Februari 2025, na yatokanayo. 2: Kujadili na kupigia kura pendekezo la kuongeza mchango wa ulinzi kutoka Sh500 hadi Sh800 kwa kila nyumba kwa mwezi. 3: Kujadili na kupigia kura pendekezo la kuondoa vibanda vinane vilivyo nje ya ukuta. Wenye vibanda watasema kabla ya kura. 4: Mengineyo. Hakuna uamuzi utakaofanywa chini ya ajenda hii."

Msomaji ataona kwamba tarakimu 14:00 zimebaki. Niliziacha kwa makusudi, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwenye simu, na tarakimu zilizozidi kumi na mbili haziwezi kudhaniwa kuwa saa ya Kiswahili. Katibu alitaka kuandika "mambo yanayoinuka" katika ajenda ya kwanza. Nilimwonyesha kwamba Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, "yatokanayo".

Palikuwa na swali la lugha ipi itangulie. Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani WhatsApp huukata ujumbe mrefu na kumtaka msomaji abonyeze ili aone uliosalia. Lugha inayokaa chini hufichwa. Tulitatua kwa kutuma jumbe mbili zilizofuatana, Kiswahili kwanza, na kila mmoja ukiwa na tarehe na saa katika mistari yake ya mwanzo. Hatukutuma picha wala faili, kwa sababu wenye bando dogo huziacha bila kuzifungua. Tena tulikaa kuusoma kabla ya kutuma, maana WhatsApp humruhusu mtu kuhariri ujumbe wake kwa muda wa dakika 15 tu, na nakala zilizokwisha kusambazwa kwa wengine hazibadiliki hata ukihariri. Kosa la saa likitoka nje ya kundi halirudi.

Kisha tukaubandika kwenye karatasi langoni. Walinzi wawili na wengi wa kina mama wale wana simu ndogo za mulika mwizi, ambazo hazina WhatsApp. Wiki ya kwanza mvua iliinyeshea, tukabandika nyingine ndani ya mfuko wa plastiki.

Jumapili ile walifika watu zaidi ya themanini. Wenye vibanda walikuja wote wanane. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika baraza la jiji alitukumbusha kwamba ukanda ulio kati ya ukuta na barabara si mali ya mtaa, na kwamba kamati haina mamlaka ya kumwondoa mtu hapo. Inachoweza ni kuzungumza naye au kupeleka malalamiko kwa kaunti. Jambo hilo lingeweza kusemwa Februari kama yeye na wenzake hawangefika asubuhi wakaondoka. Vibanda viwili vilivyomzuia mlinzi kuona magari yanayotoka vilisogezwa mita tatu kwa hiari ya wenyewe. Mchango ulipita kwa Sh700, kuanzia Aprili, baada ya wapangaji kuonyesha kwamba mshahara wa walinzi hauhitaji zaidi.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameyapokea matangazo haya mawili kama zoezi. Katika karatasi ya insha ya KCSE swali la kwanza ni la lazima, na mara kwa mara huwa la uandishi wa aina hii: tangazo, ratiba, kumbukumbu. Wote wanajua kwa moyo kichwa cha kumbukumbu, mkutano wa nani, uliofanyika wapi, tarehe ipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Niliwapa sehemu ya Kiingereza ya Februari waandike kichwa hicho kwa Kiswahili. Kati ya wanafunzi 43, kumi na wanane waliandika kwamba mkutano ulianza saa mbili mchana, na mmoja, ambaye mama yake ana kibanda, aliinua mkono akauliza ni mkutano upi kati ya ile miwili ninaotaka aandike.